Kijiko kimoja cha ziada: kuandaa maziwa ya kopo ya mtoto mchanga

Mtoto alikuwa na wiki saba, wa kike, kutoka Mbagala. Mama yake alimleta kliniki kwa sababu halali, analia tangu magharibi mpaka alfajiri, na kila akipewa chupa anaifyonza mpaka tone la mwisho halafu analia tena. Bibi wa mtoto alikuja naye. Akaniambia, "Huyu ana njaa, nesi. Nimemwongezea kijiko kimoja ili ashibe, lakini wapi."

Nilimgusa utosi, umebonyea. Midomo mikavu. Nepi ya asubuhi ilikuwa na mkojo kidogo, wa njano iliyokolea. Mtoto hakuwa na njaa, alikuwa na kiu. Ni kama bibi alikuwa anampa uji mzito mtu anayetaka maji, tena mwezi wa pili, joto la Dar linapopanda hadi digrii 32 na chumba kina bati bila dari. Mtoto akilia kwa kiu anapewa chupa nyingine nzito, chupa hiyo inamwongezea kiu, naye analia zaidi. Tulimpeleka hospitali siku hiyohiyo.

Kwa hiyo leo nafundisha kutengeneza chupa moja, ya mililita 90, tangu maji yako kwenye ndoo mpaka inaingia mdomoni. Maziwa ya mama ndiyo ya kwanza, hilo mnalijua. Wanaotumia kopo wana sababu zao na siwaulizi.

Vyombo na mikono

Osha chupa, chuchu na kifuniko kwa maji ya moto na sabuni mara tu mtoto anapomaliza, kabla maziwa hayajakauka. Tumia brashi ya chupa ambayo haiingii kwenye sufuria za mboga. Geuza chuchu ndani nje, kwa sababu utando wa maziwa hujificha pale kwenye mkunjo. Halafu vizamishe vyote kwenye sufuria ya maji, hakikisha hakuna hewa iliyobaki ndani ya chupa, funika na chemsha kwa dakika 10. Viache humohumo sufuria ikiwa imefunikwa mpaka utakapovihitaji. Usivifute kwa kitambaa cha jikoni. Kitambaa hicho kimeshafuta meza, mikono na visu.

Kisha osha mikono yako kwa sabuni, pamoja na kucha. Ukiitwa mlangoni katikati ya kazi, ukirudi unanawa tena.

Maji yawe na moto kiasi gani

Watu wengi huchemsha maji, wakayaacha yapoe kabisa, ndipo wakaweka unga. Wanaona wamefanya salama kwa sababu maji yalichemka. Maji kweli ni salama, tatizo liko kwenye unga. Unga wa kopo hauuliwi vijidudu vyote kiwandani, hata kopo likiwa halijafunguliwa na tarehe yake haijapita. Mara chache huwa na bakteria waitwao kronobakta, au salmonela. Kronobakta wakimpata mtoto wa chini ya miezi miwili, au aliyezaliwa njiti, wanaweza kuingia kwenye damu au kuleta homa ya uti wa mgongo. Wanaishi kwenye unga mkavu kwa muda mrefu bila kufa, wakisubiri maji. Maji ya vuguvugu ndiyo wanayoyapenda kuliko yote.

Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2007 unataka maji yanayokutana na unga yasipungue digrii 70. Kipimajoto huna, sawa. Chemsha maji lita moja mpaka yatokote, epua, funika, na yatumie kabla dakika 30 hazijapita. Hata kama unatengeneza chupa moja tu, chemsha lita nzima. Maji kidogo kwenye kisufuria hupoa upesi mno, na hiyo nusu saa haitakuwa kweli tena. Usiyamimine yakiwa yanatokota, maana unga hushikana mabonge na wewe utaungua.

Maji kwanza, unga baadaye

Hapa ndipo makosa ya kipimo huanzia, hata kwa anayehesabu vijiko vizuri. Weka chupa mezani, usiishike hewani, inama macho yawe sawa na mstari, mimina maji mpaka 90. Ndipo uweke unga. Kopo la mama yule liliandika kijiko kimoja kwa mililita 30, kwa hiyo vijiko vitatu. Lako linaweza kuandika tofauti, yapo makopo yanayotaka mililita 60 kwa kijiko, basi fuata lako.

Ukishatikisa utaona maziwa yamepanda mpaka karibu na 100. Usishtuke, wala usimwage. Unga umechukua nafasi yake. Lakini geuza mpangilio uone: ukitia vijiko vitatu kwanza kisha ukajaza maji mpaka 90, maji uliyotia ni kama 80 tu. Umetengeneza maziwa mazito na umehesabu vijiko vitatu kwa uaminifu.

Kijiko chenyewe kichote bila kushindilia, usikigonge kwenye ukuta wa kopo, kisha kipanguse juu kwa mgongo wa kisu kisafi na kikavu kiwe bapa. Kijiko chenye mlima hakihesabiwi kuwa kimoja.

Kwa nini kijiko hakiongezwi wala hakipunguzwi

Turudi kwa mtoto wa Mbagala. Vijiko vinne kwenye mililita 90 ni karibu theluthi moja zaidi ya chumvi na protini katika kila funda. Mabaki ya vitu hivyo hutoka kwa mkojo. Figo za mtu mzima zinaweza kuyatoa kwa mkojo mchache uliokolea, lakini figo za mtoto wa wiki saba bado hazina nguvu hiyo, zinahitaji maji mengi kuyasukuma. Yasipokuwepo kwenye chupa, zinayachukua mwilini mwake. Chumvi inapanda kwenye damu, mtoto anakuwa na hasira, kilio chembamba cha juu, baadaye analegea na kusinzia, na inaweza kufika degedege.

Upande wa pili naujua pia, na unaniuma zaidi kwa sababu chanzo chake ni bei ya kopo. Mama anaweka vijiko viwili badala ya vitatu ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Tupige hesabu. Mtoto wa kilo 4 hunywa kama mililita 600 kwa siku. Maziwa yaliyopimwa sawasawa yana takribani kalori 67 kwa kila mililita 100, kwa hiyo anapata kama 400, na kilo 4 zinahitaji karibu hizo. Vijiko viwili vinampa kama 267. Tumbo limejaa, anaonekana ameshiba, lakini kadi yake ya kliniki itaonyesha mstari umelala. Tena maji yale ya ziada huipunguza chumvi kwenye damu, na chumvi ikishuka sana nayo huleta degedege. Kama kopo haliwezi kufika mwisho wa mwezi, nenda kliniki useme hivyohivyo, usione haya. Kama maziwa yako bado yanatoka, kuna njia ya kuyaongeza kwa kumnyonyesha mara nyingi zaidi, na watakuelekeza.

Kupoza na kumpa

Funga chupa, tikisa, itumbukize kwenye bakuli la maji ya baridi yasiyofika kwenye kifuniko. Ikaushe nje. Dondoshea matone ndani ya kifundo cha mkono wako, usisikie moto, vuguvugu tu. Mpe. Kilichobaki baada ya kunyonya kimwage, mate yake yameshaingia humo. Chupa ambayo hajaigusa nayo isikae nje zaidi ya saa mbili.

Maswali yenu

*Mama Salma, Tandika: Shikamoo bibi. Kopo langu limeandika maji yapoe mpaka vuguvugu ndipo niweke unga. Nifuate kopo au nikufuate wewe?*

Marahaba mwanangu. Kwenye idadi ya vijiko na kiasi cha maji, fuata kopo. Kwenye moto wa maji, fuata digrii 70. Baadhi ya maziwa yametiwa bakteria wazuri wa tumbo ambao hufa kwa maji ya moto, ndiyo sababu wengine huandika hivyo. Kuwapoteza hao ni hasara ndogo kuliko kumlisha mchanga kronobakta walio hai.

*Baba Nasri, Gongo la Mboto: Mtoto ana choo kigumu. Jirani anasema tuongeze maji kidogo kwenye chupa.*

Msiongeze. Kwanza niambie nani anapima usiku, na anaanza na nini, maji au unga. Mara nyingi choo kigumu cha mtoto wa kopo kinatokana na kijiko chenye mlima au unga uliotangulia. Sahihisheni hilo kwa siku mbili tatu. Kisipolainika, au tumbo likijaa gesi na akatapika, mpelekeni akaonwe mapema.

*Mama Brayani, Kimara: Umeme unakatika, na usiku siwezi kuwasha jiko kila saa tatu. Naweza kutengeneza chupa tatu jioni?*

Friji isipokuwa na umeme wa uhakika, hapana. Maziwa yaliyotengenezwa hukaa saa 24 kwenye friji ya digrii 5 au chini, na friji iliyozimika usiku si friji tena. Fanya hivi: chupa ya chai nzuri, safi, ya maji peke yake, isiyowahi kutiwa maziwa, ijaze pomoni maji yanayotokota na uifunge. Jaza kabisa, nusu chupa hupoa haraka. Kabla ya kuitegemea ijaribu mchana. Kipimajoto cha jikoni hakina bei kubwa, pima zikishapita saa nne tangu uijaze uone kama bado yako juu ya 70. Unga ubaki kwenye kopo lake, unachanganya wakati mtoto ameamka.

*Mama Eliya, Kigamboni: Maji yetu ni ya kisima na yana chumvi. Nikiyachemsha sana chumvi inaisha?*

Haiishi, inazidi, kwa sababu kinachoondoka ni mvuke na chumvi inabaki chini. Ni sawa na kumwongezea kijiko. Kwa maziwa ya mtoto tafuta maji ya bomba, au ya chupa ya dukani ambayo lebo yake inaonyesha sodiamu chini ya miligramu 200 kwa lita. Nayo uyachemshe vilevile, hayakuuawa vijidudu.

*Mama Salma tena: Kijiko cha kopo kimepotea. Nina cha kopo la mtoto wa dada, na kijiko cha chai pia.*

Vyote viwili viache. Vijiko vya makopo havilingani, hata la namba 1 na la namba 2 la kampuni ileile vinaweza kutofautiana. Kwanza pekua unga wenyewe kwa kijiko kilichochemshwa na kukaushwa, mara nyingi kimezama humo. Usipokiona, nunua kopo jingine la aina ileile na namba ileile, kijiko chake kitatumika kwa yote mawili.