Umetumia AI kusahihisha gramma kwenye ripoti? Fanya hivi kabla hujakusanya

Nawasaidia wanachuo hapa Tanga kupitia ripoti zao za fildi, na ishu inayowaponza wengi si kutumia AI, ni kuitumia bila kusema, au kuiachia iandike kila kitu upya.

Hatua ya kwanza, soma autlaini ya kozi. Ikiwa imekataza AI basi imekataza, hata kwa gramma. Kama haijasema kitu usijiamulie mwenyewe, mwandikie mwalimu meseji umuulize na jibu lake ulitunze, maana kozi mbili za chuo hichohicho zinaweza kuwa na sheria tofauti kabisa.

Ya pili, kama unatafuta mawazo tu, iombe maswali usiombe majibu, halafu majibu uyafuate fildi mwenyewe. Majina ya watu uliowahoji usiyapesti humo.

Ya tatu, kabla ya kusahihisha hifadhi drafti yako kama ilivyo na makosa yake. Ukiandikia Google Docs, `Version history` inaonyesha kazi ilivyokua siku hadi siku, na siku mwalimu akikutilia shaka hicho ndo cha kumfungulia. Halafu pesti aya moja moja na maelekezo haya:

```
List grammar errors only.
Do not rewrite my text.
```

Sasa hapa tulia kidogo. Kuna binti aliandika ripoti ya mabaki ya mkonge, si unajua jani la mkonge nyuzi ni kama asilimia 4 tu, kinachobaki chote kinatoka kama taka kwenye korona, ile mashine ya kuchakata mkonge. Yeye aliiambia tu irekebishe aya nzima. Aliandika hivi:

```
Workers said corona waste is left near the river.
```

Ikarudi hivi:

```
Workers reported that COVID-19 waste is dumped into the river.
```

Kiingereza kimenyooka lakini mashine ya kuchakata mkonge imegeuka ugonjwa, na "karibu na mto" imekuwa "ndani ya mto", yaani wafanyakazi wametuhumu kitu ambacho hawakukisema! Kwa hiyo kubali sahihisho moja moja, na ukiona kitenzi au kihusishi kimebadilika rudi kwenye notsi zako za mahojiano uhakikishe.

Ya mwisho ni tamko. Siku hiyohiyo andika pembeni jina la AI uliyotumia, tarehe, sehemu uliyoitumia na ulichoiambia, ukisubiri wiki ya kukusanya utakuwa ushasahau. Yule binti aliitupa aya ile, akarudia kwa maelekezo ya juu, tukamwandalia hili:

"Nimetumia ChatGPT tarehe 12 Mei kuorodhesha makosa ya gramma katika sura ya 3 na ya 4. Masahihisho nimeyakagua na kuyaingiza mwenyewe. Data, hoja na hitimisho ni vyangu. Maelekezo niliyoipa yapo kwenye kiambatisho."

Liandike kwa lugha ya ripoti yako. Kama kozi haijataja pa kuliweka, liweke kabla ya marejeo, na kama ina fomu yake jaza hiyo.