Kabla mteja hajarekodi video ya tangazo lako

Tuchukue mfanyabiashara wa Mwanjelwa, Mbeya, anayeuza mchele wa Kyela na kuutuma Iringa kwa basi. Tangazo la studio lingeanza na nembo, muziki na mashamba yaliyopigwa kutoka angani. Anayeperuzi TikTok hulitambua hapo hapo na kulipita. Video ya mteja huanzia kwenye wasiwasi wa mnunuzi: mama yuko jikoni kwake, anamimina mchele kwenye sinia na kusema, "Nilishauziwa wa kuchanganya, huu ngoja niupike kwanza."

Kwa hiyo jambo la kwanza kuamua ni wasiwasi upi utajibiwa. Chagua mmoja. Ukiweka mchanganyiko, mawe, bei na usafirishaji ndani ya sekunde 30, mama ataanza kuongea kama mtangazaji.

Usimwandikie maneno ya kukariri. Aliyekariri hujulikana: macho yanakimbia pembeni, na anataja jina la duka kwa ukamilifu, jambo ambalo hakuna mteja anayelifanya akiongea na jirani. Mpe maswali: kabla ya kununua ulihofia nini? Ulipofungua mfuko uliona nini? Wali ulitokaje? Mwache ajibu kwa lafudhi yake, hata akisita katikati. Sufuria ifunuliwe mbele ya kamera bila kukatisha video, maana hapo ndipo mtazamaji anapouona ushahidi.

Awe amenunua kweli. Kumvalisha ushuhuda mtu ambaye hajawahi kuupika mchele huo ni kuwadanganya wanunuzi. Kama umempa mchele wa bure au malipo, video iseme hivyo. Mwandikiane pia ruhusa ya kutumia sura yake, wapi na kwa muda gani. Wengi hulikumbuka hili wakati ugomvi umeshaanza.

Simu isimame wima, lenzi ifutwe, mama aelekee dirishani. Sauti ina uzito kuliko picha: mvua ikipiga kwenye bati, ahirisheni. Maandishi yasikae chini kabisa wala ukingo wa kulia, kwani vitufe na maelezo ya TikTok vitayafunika. Wimbo unaovuma usiuweke. Tangazo la biashara linahitaji muziki wenye kibali, na mlio wa wali jikoni unatosha.

Mwisho, mkiwa bado jikoni, rekodini mianzo mitatu ya video hiyo hiyo: mmoja wa kauli yake ya wasiwasi, mmoja wa mchele ukimiminwa, mmoja wa sufuria ikifunuliwa. Kilichobaki kisibadilike. Zikishatoka, linganisha wangapi wamevuka sekunde 3 za mwanzo. Wakiondoka mapema, badilisha mwanzo tu. Wakitazama hadi mwisho lakini hakuna anayeulizia bei, mwanzo hauna kosa. Rudi kwenye maswali uliyomuuliza mama, huenda wasiwasi mliojibu si ule unaowazuia kununua.