Jinsi ya kukubali ofa ya suluhu kwa maandishi, na madai yako mengine yabaki salama

Ofa ya suluhu ikifika baada ya miezi ya kuandikiana barua, mtu hutamani kujibu "nimekubali" siku hiyo hiyo na kupumua. Usijibu bado. Neno hilo likishafika upande wa pili, masharti yote yaliyomo kwenye ofa yanakufunga, hata yale uliyoyasoma juujuu. Kazi kubwa hufanyika kabla ya kukubali.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Fundi rangi anaidai kampuni 850,000 kwa kazi ya jengo la ofisi. Kampuni inasema rangi ya ghorofa ya pili imebabuka, hivyo hailipi yote. Mwishowe inaandika: "Tuko tayari kukulipa 600,000 kama malipo ya mwisho ya madai yote uliyonayo dhidi yetu. Ofa hii itakwisha Ijumaa tarehe 14 Machi, saa 11 jioni." Fundi huyo aliwahi pia kupaka rangi ghala la kampuni hiyo, na kutoka kazi hiyo kuna 90,000 zinazoshikiliwa hadi uishe muda wa uangalizi, yaani wa kuona kama kazi ina kasoro. Hizo hazina ugomvi wowote.

Hatua ya kwanza: uliza, usibadilishe

Ofa hiyo ina mapengo mawili. Maneno "madai yote uliyonayo" yanameza na zile 90,000 za ghala. Pia hakuna tarehe ya kulipa.

Wengi hapa huandika "nakubali, ila ghala lisihusike na mlipe ndani ya wiki mbili". Hilo ni kosa. Katika nchi zinazofuata sheria ya mikataba yenye asili ya Uingereza, kukubali huku ukibadili masharti ni kutoa ofa mpya, na ofa ya awali inakufa. Kesi ya Uingereza ya mwaka 1840 ndiyo hutajwa daima: mwenye shamba alitaka pauni 1,000, mnunuzi akasema 950, akakataliwa, kisha akarudi akasema basi 1,000. Mahakama ilisema hakuna mkataba, kwa sababu ile ofa ya 1,000 ilikwisha kufa.

Kuuliza ni jambo tofauti. Mwaka 1880 mahakama ya huko huko iliamua kwamba mnunuzi wa chuma aliyeuliza tu kama angeweza kupelekewa mzigo kwa awamu hakuwa ameikataa ofa. Kwa hiyo fundi wetu aandike mapema, tuseme tarehe 10:

"Kabla sijajibu ofa yenu, naomba mnifafanulie mambo matatu. Je, 'madai yote' yanahusu kazi ya jengo la ofisi peke yake? Fedha zitaingia kwenye akaunti yangu tarehe gani? Na je, madai yangu yanafutika nikishakubali, au fedha zikishaingia? Barua hii ni ya kuuliza tu. Sijaikataa ofa yenu wala sijatoa ofa mpya."

Sentensi hizo mbili za mwisho ni za lazima. Kama muda ni mfupi, omba tarehe ya mwisho isogezwe, nao wajibu kwa maandishi. Ahadi ya simu haitoshi.

Hatua ya pili: kifungu cha kuachilia madai

Hiki ndicho kifungu ambacho unaahidi kutodai tena, na ndicho cha kusoma polepole kuliko vyote. Angalia kwanza kinataja jambo gani. "Madai yanayotokana na kazi ya jengo la ofisi, ankara namba 31 na 32" ni salama. "Madai ya aina yoyote, yanayojulikana na yasiyojulikana" ni wavu unaokamata hata usichokijua leo. Kama upande wa pili unataka maneno mapana, basi kinachobaki nje kitajwe kwa jina: "isipokuwa fedha zilizoshikiliwa za kazi ya ghala, 90,000". Angalia pia kama na wao wanaachilia ya kwao. Kampuni hii ililalamikia rangi iliyobabuka. Isipoachilia malalamiko hayo, inaweza kukulipa 600,000 leo na kukudai gharama za kupaka upya kesho.

Kisha angalia kifungu kinaanza kufanya kazi lini. Kikisema madai yanafutika kwa kusaini, na fedha zisije, yale madai ya 850,000 yamekwisha, na kilichobaki mkononi ni ahadi ya 600,000 ya kwenda kuidai. Kinachomlinda mdai ni maneno haya: "Madai yataachiliwa pale 600,000 zote zitakapoingia kwenye akaunti ya mdai." Ukitaka deni lirudi 850,000 wasipolipa kwa wakati, ukitoa tu kilichokwisha kulipwa, hilo nalo liandikwe. Halitokei lenyewe.

Kuhusu tarehe, "ndani ya siku 14" huleta ubishi wa kuanzia lini. Taka siku yenye jina lake: "fedha ziwe zimeingia kabla ya Ijumaa tarehe 28 Machi kuisha". Ziwe zimeingia, si "zitatumwa". Hundi iliyokabidhiwa bado si malipo hadi benki iipitishe. Uliza pia kama kuna kodi itakayokatwa, ili 600,000 isije ikafika pungufu.

Hatua ya tatu: barua ya kukubali

Tuseme kampuni imejibu tarehe 12 kwa ofa iliyorekebishwa. Sasa barua iwe fupi, bila "ila" wala "lakini":

"Nimekubali ofa yenu ya tarehe 12 Machi kama ilivyo. Mtanilipa 600,000 bila makato, ziwe zimeingia kabla ya tarehe 28 Machi kuisha. Zikishaingia zote, nitakuwa nimeachilia madai yangu ya ankara namba 31 na 32, nanyi mtakuwa mmeachilia madai yenu kuhusu kazi hiyo. Fedha za kazi ya ghala hazihusiki. Tafadhali thibitisheni kwa maandishi kwamba barua hii imewafikia."

Itume kwa njia iliyotajwa kwenye ofa, kabla ya muda kwisha, na utunze ushahidi wa kutuma. Namba ya akaunti isomwe tena kwa simu, kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, maana matapeli hujipenyeza kwenye barua pepe na kubadilisha akaunti wakati huu hasa.

Hatua ya nne: uthibitisho

Kwa kawaida mkataba huwa umekamilika ukishakubali, na uthibitisho ni ushahidi tu. Lakini kama ofa ilisema hakuna anayefungwa hadi mkataba usainiwe, basi hujafika bado, na barua yako peke yake haitoshi. Usipopata jibu kwa siku mbili, andika tena na uambatishe barua ya kwanza.

Kama kesi iko mahakamani, usiiondoe kabla ya fedha kuingia. Omba makubaliano yaingizwe kwenye kumbukumbu za mahakama, ili wasipolipa uweze kukazia hukumu, yaani kuiomba mahakama iwalazimishe kulipa, badala ya kufungua kesi upya. Kama haijafunguliwa, hesabu siku zako: kwa kawaida mazungumzo hayasimamishi muda wa kisheria wa kufungua madai. Madai ya mtoto ni jambo la pekee. Katika nchi nyingi suluhu yake huhitaji idhini ya mahakama, kwa hiyo tafuta wakili kabla ya kuandika chochote.

Tarehe 28 ikishaisha, angalia salio mwenyewe. Picha ya muamala uliyotumiwa isikutoshe. Zikiwa zimeingia zote, andika kwamba umepokea 600,000 na kwamba kifungu cha kuachilia kimeanza kazi. Zikiingia 400,000, andika siku hiyo hiyo kwamba umezipokea kama sehemu tu ya malipo, kwamba 200,000 zimechelewa, na kwamba madai yako bado hayajaachiliwa.