Sambusa 200: manda ngapi, nyama kilo ngapi, njegere kilo ngapi

Oda yangu ya kwanza kubwa ilikuwa ya nikaha, sambusa 200. Nilinunua vitu kwa kukisia, na nilipofika kwenye sambusa ya 160 na kitu nyama ikaisha, huku manda zimejaa sinia. Usiku ule nilitafuta bucha iliyokuwa bado wazi nikaikosa. Tangu hapo sianzi na kilo. Naanza na sambusa moja, halafu narudi nyuma mpaka sokoni.

(Hapa Kampala wengi wanasema sumbusa. Ni kitu kilekile.)

Hatua ya 1: Pima sambusa moja

Sambusa yangu ni robo ya manda ya duara yenye upana wa sentimita 26 hivi. Robo hiyo inabeba gramu 25 za mjazo uliokwisha kuiva na kupoa. Ukizidisha hapo pembe haifungi vizuri. Ukipunguza, mteja anauma hewa. Kama manda yako ni ndogo, jaza sambusa kumi, funga, pima mjazo uliotumika, ugawe kwa kumi. Namba utakayoipata ndiyo ya kutumia badala ya 25 yangu.

Hatua ya 2: Weka za ziada

Oda ni 200: nyama 80, njegere 120. Naongeza tano kwa kila mia, kwa sababu kuna zitakazopasuka kwenye mafuta na kuna ya kuonja. Kwa hiyo natengeneza 84 za nyama na 126 za njegere, jumla 210.

Hatua ya 3: Mjazo, na hapa ndipo wengi tunapotea

Kilo ya nyama ya kusaga haitoi kilo ya mjazo. Ukiikausha sawasawa, maji na mafuta yakatoka, inabaki gramu 700 hivi. Nyama yenye mafuta mengi inashuka zaidi. Kinachoirudisha juu ni vitunguu maji. Kwa kila kilo ya nyama mbichi naweka nusu kilo ya vitunguu vilivyomenywa na kukatwa vidogo, na naviweka mwishoni, sufuria ikiwa imeshaondolewa kwenye sigiri, vipate joto tu bila kulowa. Pamoja na dania na pilipili, napata takriban gramu 1,200 za mjazo kwa kila kilo ya nyama niliyonunua.

Sasa hesabu. Sambusa 84 mara gramu 25 ni gramu 2,100. Gawa kwa 1,200, unapata 1.75. Basi ni kilo 1 na robo tatu za nyama ya kusaga, na vitunguu karibu gramu 900 vilivyokwisha kumenywa. Nunua kilo nzima ya vitunguu, maana maganda nayo yana uzito.

Njegere kavu, zile ambazo sokoni utaziulizia kwa jina la kawo, zinakwenda kinyume: zinavimba. Kilo moja ikilowekwa usiku kucha na kuchemshwa inafika kilo 2 na gramu 200 hivi. Ukiongeza vitunguu vya kukaanga na bizari, hesabu gramu 2,400 za mjazo. Sambusa 126 mara 25 ni gramu 3,150. Gawa kwa 2,400, ni kilo 1.31. Mimi nachukua kilo 1 na gramu 350, kwa sababu njegere za zamani hazinywi maji vizuri, na kwa macho huwezi kuzijua. Ukinunua kwa tumpeko badala ya mizani, pima tumpeko moja la muuzaji huyo kwanza. Matumpeko hayalingani, na mengine yamekunjwa kitako.

Tahadhari moja: usipime mjazo ukiwa na majimaji au ukiwa wa moto. Utakuwa unapima maji na mvuke, halafu utashangaa umepungukia wapi. Inamisha sufuria. Ikiwa kuna kitu kinachotiririka kuelekea upande wa chini, irudishe jikoni ikauke (kama vitunguu vya nyama bado hujaviweka, ndio wakati mzuri wa kugundua). Mjazo wenye maji una hasara nyingine pia: unalainisha manda kwa ndani, na sambusa inafunguka ikiwa kwenye mafuta.

Hatua ya 4: Manda

Kilo ya unga wa ngano, maji mililita 550, mafuta vijiko viwili na chumvi vinanipa donge la kilo 1 na gramu 590 hivi. Nakata madonge madogo ya gramu 50. Kila donge linakuwa chapati moja nyembamba, na chapati moja inatoa robo nne.

Lakini si kila robo inafika mezani. Katika kila kumi, moja huchanika au hukauka. Kwa hiyo 210 gawa kwa 0.9 ni robo 234, sawa na chapati 59. Nafanya 60, kwa sababu nazibandika tano tano: napaka mafuta na kunyunyiza unga katikati, nasukuma fungu zima kwa pamoja, nalipitisha kwenye kikaango kikavu kwa muda mfupi kila upande, kisha nazibandua zikiwa bado moto. Mafungu ni 12. Robo 240 ukitoa moja ya kumi zinabaki 216, zinatosha.

Madonge 60 ya gramu 50 ni kilo 3, ambayo inahitaji unga kilo 1 na gramu 900. Ongeza kama gramu 300 za kunyunyizia na za uji mzito wa kugundishia. Jumla ni kilo 2 na gramu 200, yaani pakiti mbili za kilo moja hazitoshi.

Ukiona manda zinachanika wakati wa kubandua, moto haukutosha au umebania mafuta. Zikivunjika pale unapozikunja, zimeiva mno au zimekaa wazi. Zifunike kwa kitambaa chenye unyevu mara tu unapozikata. Kama hasara yako ni robo mbili katika kumi, usijidanganye na 0.9 yangu, gawa kwa 0.8.

Hatua ya 5: Chunga mkono wakati wa kujaza

Hesabu yote inaweza kuharibika hapa. Mkono huanza na gramu 25, ukichoka unazoea na kuteka 30 bila wewe kujua. Ukiteka 30, gramu 2,100 za mjazo zinatoa sambusa 70 tu, yaani sambusa 14 za nyama zimepotea. Ndiyo iliyonikuta ile siku ya nikaha.

Natumia kijiko kilekile tangu mwanzo hadi mwisho, nikikisawazisha kwa kisu. Na kabla ya kuanza nagawa mjazo wa nyama kwenye bakuli nne, kila moja gramu 525. Kila bakuli lazima litoe sambusa 21. Bakuli la kwanza likiisha na nimehesabu 18, najua mapema, bado kuna bakuli tatu za kujirekebisha, na bucha bado iko wazi.