Jinsi ya kumwandikia Amidi barua ya kuomba bajeti na siku za kufunga maabara ili mpige Windows upya

Nasimamia maabara ya kompyuta chuoni, na barua ya namna hii nimeshaiandika zaidi ya mara moja. Iliyokataliwa iliomba hela upande mmoja na siku upande mwingine kama vitu viwili tofauti, Amidi akakata hela kidogo, akakata siku kidogo, tukabaki na kazi isiyofanyika. Kwahiyo mwongozo huu wote unazunguka jambo moja, kila shilingi unayoomba ionyeshe inaokoa saa ngapi za kufungwa. Nitatumia mfano wa maabara ya kompyuta 40 zenye Windows 10, ile ambayo masasisho ya bure ya usalama yaliisha 14 Oktoba 2025.

Hatua ya 1: Hesabu mashine kabla hujagusa kalamu

Usiandike "kompyuta nyingi ni za zamani", Amidi hawezi kusaini neno nyingi. Kaa kwenye kila mashine, fungua PowerShell kama adimini, andika hizi:

```
Get-CimInstance Win32_Processor | Select Name
Get-Tpm
Confirm-SecureBootUEFI
```

Windows 11 inataka TPM 2.0, na kwa upande wa Intel prosesa kuanzia kizazi cha 8, yaani i5-8500 inapita ila i5-6500 haipiti. Angalizo, Get-Tpm ikikujibu hakuna TPM usiikatae mashine hapohapo, ingia BIOS kwanza maana mara nyingi ipo ila imezimwa. Kwenye mfano wetu 26 zimepita, 14 zimekwama kwenye prosesa na hapo hamna ujanja.

Hizo 14 usiombe kununua mpya kwenye barua hii, utaizamisha barua yote. Zibaki na Windows 10 na uombe masasisho ya kulipia ya ESU, kwa vyuo ni dola 1 kwa mashine mwaka wa kwanza, dola 2 wa pili, dola 4 wa tatu, na ukichelewa ukaingia mwaka wa pili unalipia na wa kwanza. Miaka miwili kwa mashine 14 ni dola 42. Amidi akiona hiyo namba anaelewa umemfikiria.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya saa

Hapa ndo barua inaposhinda au kushindwa. Huwezi kupiga Windows mashine mojamoja na softwea zake zote, unatengeneza imeji mama kwenye mashine moja halafu unaisambaza kwa Clonezilla au FOG. Tuseme imeji ikishabanwa ni GB 30. Swichi ya zamani ya megabiti 100 inapitisha kama MB 12 kwa sekunde, kwahiyo mashine moja inakula kama dakika 42, na ukienda mojamoja kwa zote 26 ni saa 18, hizo ni siku mbili na nusu za kazi unakodolea macho asilimia. Swichi ya gigabiti inashusha mpaka kama dakika 5, ila mi huhesabu 10 kwa ajili ya kuwasha, kuchagua na kuandika diski, jumla kama saa 4 na nusu. Unaweza kutuma kwa zote kwa mpigo pia, tatizo mashine moja yenye kebo mbovu inazivuta nyingine zote ziende mwendo wake, kwahiyo kwenye barua usiahidi hesabu hiyo.

Umeona sasa? Swichi imenunua siku mbili. Hiyo ndo sentensi ya kumpelekea Amidi.

Ongeza siku ya kutoa diski za zamani na kufunga SSD na swichi, siku ya leseni na printa, na siku ya mwisho mwalimu mmoja aje afanye praktiko yake halisi kwenye mashine tano. Ukiweka na siku moja ya akiba ni Jumatatu mpaka Ijumaa. Imeji mama itengenezwe wiki moja kabla, maabara ikiwa wazi.

Hatua ya 3: Mchanganuo wa hela

Bei weka za profoma ulizonazo mkononi, za kwangu hapa ni za mfano tu. SSD 26 kwa 75,000 ni 1,950,000. Swichi ya gigabiti yenye poti 48 ni 1,400,000. Posho ya mafundi wawili siku tatu kwa 30,000 ni 180,000. ESU nimeweka 120,000. Jumla 3,650,000, ongeza dharura asilimia 10 inakuja 4,015,000.

Kwa vyuo vya umma Tanzania manunuzi yanapita kwenye mfumo wa NeST na kitu lazima kiwe kwenye mpango wa manunuzi wa mwaka, kwahiyo barua iende wakati idara inaandaa bajeti, sio Juni hela ikiwa inaisha. Mwaka mpya wa fedha unaanza 1 Julai.

Hatua ya 4: Chagua wiki

Likizo ndefu watu wote wanaifikiria, wanachosahau ni sapu. Nenda kwa mratibu wa mitihani umuulize kwa mdomo maabara yako imepangiwa nini, kisha taja tarehe kamili na wiki mbadala moja.

Hatua ya 5: Andika

Ukurasa mmoja, ipitie kwa Mkuu wa Idara, mchanganuo uwe kiambatisho. Kiini chake kiwe hivi:

> YAH: KUOMBA SH. 4,015,000 NA SIKU 5 ZA KUFUNGA MAABARA NA. 2 ILI KUSIMIKA UPYA MIFUMO
>
> Husika na mada tajwa hapo juu.
>
> 2. Maabara Na. 2 ina kompyuta 40 zinazotumia Windows 10, ambayo masasisho yake ya bure ya usalama yalikoma tarehe 14 Oktoba, 2025. Ukaguzi umeonesha kompyuta 26 zinakubali Windows 11 na 14 hazikubali.
>
> 3. Naomba maabara ifungwe Jumatatu hadi Ijumaa katika wiki iliyotajwa kwenye kiambatisho. Mratibu wa mitihani amethibitisha kuwa wiki hiyo haina vipindi wala mitihani ya marudio.
>
> 4. Swichi ikiondolewa kwenye mchanganuo, kazi itahitaji siku 7 badala ya 5.
>
> 5. Diski za zamani zitahifadhiwa kwa siku 30. Ikifika Alhamisi saa 10 jioni na kompyuta zinazofanya kazi ni chini ya 20 kati ya 26, tutarudisha diski za zamani na maabara itafunguliwa Jumatatu kama kawaida.

Aya ya 5 usiiache kabisa. Amidi anaogopa Jumatatu ya wanafunzi kusimama mlangoni kuliko anavyoogopa milioni nne, na kwa vile unabadilisha diski, kurudi nyuma ni kuchomeka tu ile ya zamani. Zibandike lebo ya namba ya mashine siku ileile.

Kwanini nasisitiza siku ya leseni

Mwaka fulani niliomba siku tatu, nikasambaza imeji bila kupitisha Sysprep. Mashine zote zikabeba utambulisho mmoja, na seva ya KMS haitoi leseni ya Windows mpaka ihesabu mashine 25 tofauti, yenyewe ikawa inaona moja tu. Jumatatu vioo vyote vina tangazo la kuaktivati na mimi sina siku ya akiba. Kabla ya kuchukua imeji endesha hii:

```
C:\Windows\System32\Sysprep\sysprep.exe /generalize /oobe /shutdown
```

Kisha ukishasambaza mashine mbili tatu, endesha `slmgr /dlv` kwenye kila moja uangalie mstari wa CMID. Zikifanana simama hapohapo, rudia imeji.

Hatua ya 6: Baada ya kupeleka

Subiri siku tano za kazi, halafu nenda kwa katibu muhtasi wake uulize faili limefika wapi, shikamoo kwanza. Ukiambiwa "hela sawa ila siku tatu tu", usibishane, onyesha aya ya 4 na umwombe aandike pembeni kwa mkono wake ni kazi gani iachwe. Mimi nilipofanya hivyo siku tano zilirudi.