Choo kikavu cha chemba mbili kwa familia ya watu sita kwenye baridi ya Nyanda za Juu Kusini

Michoro mingi ya choo kinachotenganisha mkojo na kinyesi imepimwa kwa sehemu zenye joto. Ukiichukua kama ilivyo na kuijenga Makete, Njombe au kwenye miinuko inayozunguka Mbeya, chemba ya pili, inayotumika wakati ya kwanza imejaa na kufungwa ikauke, itajaa wakati ile ya kwanza bado si salama kufunguliwa. Sababu ni baridi. Kinachochelewa kufa kwenye kinyesi kilichohifadhiwa ni mayai ya minyoo ya tumboni, hasa askarisi, na kadiri joto linavyoshuka ndivyo yanavyodumu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unataka kinyesi kikavu kikae zaidi ya mwaka mmoja pale ambapo joto la kawaida ni nyuzi 20 hadi 35, lakini mwaka mmoja na nusu hadi miwili pale ambapo ni nyuzi 2 hadi 20. Sisi huku tuko kwenye kundi la pili. Basi ukubwa wa chemba ndilo jambo la kwanza kuamua, kabla hata ya kuita fundi.

Hatua ya 1: Kupima chemba

Kwa mtu mmoja kadiria lita 100 kwa mwaka, yaani kinyesi pamoja na jivu baada ya rundo kukauka na kushuka. Watu sita ni lita 600 kwa mwaka. Kwa kuwa chemba moja lazima ipokee kwa mwaka mmoja na nusu wakati mwenzake imefungwa, tunahitaji lita 900. Rundo halijazi pembe zote, na hewa inahitaji nafasi juu yake, kwa hiyo tunaongeza mpaka lita 1,200 hivi. Chemba yenye urefu wa ndani mita 1.2, upana mita 1.1 na kimo sentimita 90 inatosha. Makete au juu zaidi, ambako chemba itangoja miaka miwili, ongeza urefu ufike mita 1.6, na vifaa vya hatua zinazofuata viongezeke kwa kadiri hiyo. Jenga mbili za hivyo, zigawane ukuta wa katikati.

Usichimbe shimo. Choo hiki kinasimama juu ya ardhi chote, ndiyo maana kinafaa kwenye mwamba au kwenye bonde ambalo maji yako karibu.

Hatua ya 2: Msingi, kuta na milango

Panga milango ya kutolea mbolea iangalie kaskazini, na mlango wa kuingilia watu uwe kusini. Huku tuko chini ya ikweta, na Juni na Julai, miezi ya baridi kali, jua la mchana linapita upande wa kaskazini. Milango ya bati iliyopakwa rangi nyeusi itapata joto hilo kwenye miezi ambayo chemba inalihitaji zaidi.

Inua sakafu ya chemba sentimita 15 kutoka usawa wa ardhi, kisha mwaga zege la sentimita 10. Kuta ni tofali za kuchoma, zilazwe ili unene wa ukuta uwe upana wa tofali moja. Kama tofali lako lina sentimita 23 kwa 11 kwa 7, kuta za chemba zitameza kama 400. Nunua 450, maana zinazovunjika hazikosekani. Saruji ya msingi, kuta, slabu, ngazi na plasta ni mifuko 10 ya kilo 50. Kuta za chumba cha juu na bati zake ni hesabu nyingine, na unaweza kuzifanya kwa mbao.

Piga plasta ndani ya chemba kwa mchanganyiko wa saruji moja na mchanga tatu, malizia kwa niru. Acha uwazi wa sentimita 60 kwa 60 kwa kila mlango. Sehemu ya chini ya uwazi iwe na kizingiti kilichoinuka sentimita 5 na kinachoinama kwenda nje. Bila kizingiti hicho, mvua za Novemba hadi Aprili zinazopigwa na upepo zitaingia chini ya bati, nawe utatafuta chanzo cha harufu ndani ya nyumba wakati kiko nje.

Hatua ya 3: Slabu na matundu yake

Slabu iwe ya zege la sentimita 8, nondo za milimita 8 zikipishana kila sentimita 15. Kwenye baridi zege linachelewa kukomaa, hivyo usiondoe mbao za kushikilia kabla ya siku 14. Maji ya kumwagilia yakiwa haba, lifunike kwa magunia yaliyolowa na nailoni juu yake. Litatunza unyevu kwa maji kidogo sana.

Kwa kila chemba acha tundu la kinyesi lenye upana wa sentimita 25. Mbele yake, upande anaoelekea mtu akichuchumaa, tengeneza bakuli la mkojo lenye urefu wa sentimita 30, lililoinama kwenda mbele na kuwa na tundu dogo mwishoni. Kati ya bakuli na tundu la kinyesi pawe na tuta la sentimita 5. Tuta hili fupi ndilo linaloamua kama choo kitakuwa kikavu au la, kwa hiyo lipigwe niru vizuri na lisiwe na ufa. Ukipata sinki la plastiki lililotengenezwa kwa kazi hii, ni bora zaidi kwa sababu halinyonyi mkojo.

Sasa maji ya kutawaza. Familia nyingi huku hutumia maji, na huwezi kuwaambia waache. Kati ya masinki mawili, jenga beseni la saruji la sentimita 40 kwa 40 ambalo mtu anasogea kutawaza. Liinue kidogo juu ya slabu ili bomba lake litokee ukutani na lipite nje kabisa ya chemba. Lipeleke kwenye shimo la mawe lenye kina cha mita moja, mbali na kisima kwa mita 30 au zaidi. Maji haya yamegusa kinyesi, usiyaelekeze kwenye bustani ya mboga. Wala usiyaunganishe na bomba la mkojo.

Hatua ya 4: Bomba la mkojo na bomba la hewa

Bomba la mkojo liwe la plastiki, inchi 2, lishuke angalau sentimita 4 kwa kila mita moja. Chuma kitaliwa. Punguza elbo kadiri unavyoweza, kwa sababu mkojo huacha ukoga mgumu mweupe, na ukoga huo huanzia kwenye kona. Nje, bomba liingie kwenye dumu la lita 20 na lifike karibu na kitako chake. Ncha ikizama kwenye mkojo, hewa ya amonia hairudi juu chooni. Toboa tundu dogo kwenye kifuniko cha dumu ili hewa ipumue, tundu la msumari linatosha. Jengea dumu kibanda kidogo chenye kifuniko, lisipigwe na jua.

Bomba la hewa ni la inchi 4, moja kwa kila chemba. Lipande wima bila kona, lipite paa kwa sentimita 50 au zaidi, na juu lifungwe wavu wa mbu.

Hatua ya 5: Kuanza na kutumia

Kabla ya siku ya kwanza, tandaza jivu au udongo mkavu wa sentimita 5 kwenye sakafu ya chemba utakayoanza nayo. Chemba ya pili ifunikwe kwa kifuniko cha zege, ukingo wake uzibwe kwa udongo.

Baada ya kila haja kubwa mtu amwage kikombe kimoja cha chai cha jivu, kama mililita 200. Familia ya watu sita itatumia karibu madebe mawili kwa mwezi. Jivu lilale siku nzima likipoa na lichekechwe, maana kaa moja lenye moto linaweza kuwasha karatasi ndani ya chemba. Nyumba inayopikia gesi itakosa jivu. Hapo changanya madebe manne ya udongo mkavu na debe moja la chokaa iliyochomwa. Chokaa ya kilimo, ile ya mawe yaliyosagwa tu, haifai kwa kazi hii. Haina ukali wa kupandisha pH ya rundo kupita 9. Maranda ya misonobari nayo yanakausha na kuzuia inzi, lakini peke yake hayaui mayai ya minyoo, kwa hiyo yaongezwe kwenye jivu na si kuchukua nafasi yake.

Mara moja kwa mwezi sawazisha rundo kwa mti mrefu kupitia tundu. Mtu akiharisha, aweke vikombe vitatu. Mtoto mdogo atumie poti, kisha kinyesi kimwagwe kwenye tundu na kufunikwa kwa jivu. Mwili wake ni mfupi kwa sinki la mkubwa, na mkojo wake utaingia kwenye chemba. Wanaume wawekewe mahali pa kukojolea wima, hata dumu lililokatwa na kuunganishwa na bomba lilelile.

Choo kikianza kuharibika

Rundo zuri lina rangi ya kijivu na halinuki. Ukimulika tochi ukaona linang'aa kwa maji, au kuna funza, tatizo si uchache wa jivu tu. Tafuta maji yanatoka wapi. Uwe wima kwenye tundu na uangalie ulowevu uko sehemu gani. Ulowevu ukiwa chini ya bakuli la mkojo, bomba linavuja kwenye kiungo au tuta lina ufa. Ukiwa karibu na mlango wa bati, ni mvua. Ukiwa katikati kabisa, kuna mtu anatawazia kwenye tundu la kinyesi, na hapo inabidi kuzungumza na wenye nyumba na wageni. Ziba chanzo kwanza, kisha mwaga debe moja la jivu na maranda makavu na uchanganye.

Mkojo ukichelewa kushuka, karibu kila mara mtu amemwaga jivu kwenye bakuli. Jivu likikutana na mkojo huganda. Mimina maji ya moto kidogo pamoja na siki, acha usiku mzima, halafu sukuma kwa waya mrefu wa plastiki.

Kutoa na kutumia

Dumu litajaa kila baada ya siku tatu hivi. Kwa mahindi ya familia yenyewe, weka lita moja ya mkojo kwa mita moja ya mraba, kwenye mfereji ulio sentimita 10 kutoka kwenye shina, ufukie mara moja. Acha mahindi yakianza kutoa mbelewele, na hakikisha mwezi mmoja unapita kabla ya kuvuna. Mazao ya kuuza yapewe mkojo uliokaa kwenye dumu lililofungwa kwa miezi sita.

Chemba iliyofungwa andikia tarehe ukutani kwa rangi. Ifunguliwe baada ya mwaka mmoja na nusu, na kama uko Makete au juu zaidi, ngoja miwili. Mfungue wakati wa kiangazi, Agosti au Septemba, mkiwa na glavu, buti na kitambaa puani. Kitakachotoka kinafanana na udongo mkavu. Kifukieni sentimita 30 chini kuzunguka miparachichi au miti ya mbao, kamwe si kwenye kabichi, karoti wala mchicha. Koleo lililotumika lioshwe na kuachwa juani, wala lisirudi shambani siku hiyo.