Kabla ya Kugusa Local Dimming: Mambo ya Kuzingatia kwa Filamu, Gemu na Mpira

Kabla ya kushika rimoti, jua kwanza kama jambo hili linaihusu runinga yako. Kwenye OLED kila pikseli hujiwasha na kujizima yenyewe, kwa hiyo hakuna taa za nyuma za kufifisha. Zinazohusika ni runinga za LCD zenye taa za LED nyuma ya kioo, pamoja na mini-LED na baadhi ya QLED, ambazo taa zake zimegawanywa katika kanda na kila kanda hufifishwa peke yake. Kwenye menyu mpangilio huo mara nyingi huitwa Local Dimming, wenye ngazi za Low, Medium na High. Jirani yake utakuta mwingine unaoitwa Dynamic Contrast, Contrast Enhancer au Active Contrast, kutegemea kampuni.

Mipangilio hii miwili hugombania sehemu moja ya picha, yaani weusi na vitu vilivyofichika karibu na weusi, ila kila mmoja una njia yake. Wa kwanza hupunguza au kuongeza mwanga wa taa halisi. Wa pili kwa kawaida haugusi kanda. Hutazama jinsi mwanga ulivyosambaa kwenye picha nzima, kisha hupinda ngazi za rangi ili chenye giza kiwe cheusi zaidi na cheupe king'ae zaidi. Ukiibadilisha yote miwili kwa wakati mmoja hutajua ni upi uliokula mikunjo ya koti la mhusika aliyesimama gizani. Ndiyo maana mfuatano wa hatua ni muhimu kuliko ngazi yoyote utakayoichagua.

Ukitaka kuelewa kwa nini mwanga huvuja, piga hesabu ya kanda. Runinga ya inchi 55 ina upana wa karibu sentimita 122 na urefu wa 68. Tuseme ina kanda 128, zilizopangwa 16 kwa 8. Kila kanda itafunika eneo la karibu sentimita 7.6 kwa 8.6, na kama kioo ni cha 4K, ndani yake mna pikseli 64,800 zinazotegemea mwanga wa aina moja. Herufi moja nyeupe ya manukuu ikiingia humo, kanda nzima lazima iwake. Pikseli nyeusi zinazoizunguka herufi hujaribu kuuzuia mwanga ule lakini haziwezi kuuzuia wote, na hapo ndipo ukungu wa kijivu unapotokea. Runinga yenye kanda 1,152 za 48 kwa 24 ina ukungu mdogo kwa sababu kila kanda ni ya sentimita 2.5 hivi kwa 2.9, ila hata hiyo haiumalizi. Aina ya kioo nayo inahesabika. Kioo cha VA huzuia mwanga vizuri kuliko cha IPS, lakini ukikaa pembeni VA nacho huanza kuvujisha. Kwa hiyo fanya majaribio yote ukiwa kwenye kiti unachokalia siku zote, na chumba kikiwa na mwanga uleule unaotumia kutazama.

Kisha tayarisha msingi. Iache runinga iwake nusu saa hivi. Zima kitambuzi cha mwanga wa chumba na kile cha kuokoa umeme, maana vyote viwili hubadilisha taa za nyuma wakati wewe unapima. Chagua modi ya Filmmaker Mode, Movie au Cinema, zima Dynamic Contrast, na weka Local Dimming kwenye Low. Hakikisha pia kifaa unachotumia na runinga vinakubaliana kuhusu ngazi za weusi. Video ya kawaida ya biti 8 huhesabu weusi kuanzia 16, ilhali kompyuta mara nyingi huanza 0. Kifaa kikituma kuanzia 16 na runinga ikategemea 0, picha nzima inapauka kama imefunikwa na vumbi. Ikiwa kinyume, kila kilicho gizani kinamezwa, na hakuna ngazi ya Local Dimming itakayokirudisha. Picha ya majaribio yenye mistari ya karibu na weusi itakuonyesha haraka: mstari wa 17 uonekane kwa shida, na wa 16 usionekane kabisa. Kama havilingani, rekebisha HDMI Black Level kwanza, kisha ule mpangilio wa kupandisha weusi, ambao runinga nyingine huuita Brightness na nyingine Black Level. Mwishowe weka gama, yaani jinsi mwanga unavyopanda kutoka weusi hadi weupe: kwa chumba chenye giza 2.4 inafaa, chenye mwanga wa wastani, 2.2.

Sasa chukua kisa kigumu kuliko vyote: filamu ya usiku yenye manukuu. Tafuta sehemu ambayo watu wawili wanazungumza kwenye chumba kinachowashwa na mshumaa mmoja, picha ikiwa pana ya 2.39:1 ili juu na chini pabaki mikanda myeusi. Kwenye kioo cha 4K kila mkanda una pikseli zipatazo 276, yaani zaidi kidogo ya kimo cha kanda moja kwenye ile runinga ya kanda 128. Icheze picha ukiwa kwenye Low. Mikanda itaonekana ya kijivu kidogo, ila kola ya koti jeusi utaiona, na ukutani nyuma ya mzungumzaji utatambua kona ya kabati. Nenda High. Mikanda inakuwa myeusi kweli, na kabati linapotea. Manukuu yakitokea, kipande cha mstatili cha mkanda wa chini kinapauka, halafu sentensi ikiisha kinazimika. Kuwaka na kuzima huko ndiko kunakochosha macho, kuliko ukungu wenyewe kama ungekuwa umetulia.

Usidhani kwamba High inafanya kazi namna moja kwenye kila runinga. Kwenye nyingine hukandamiza hata vitu vidogo vinavyong'aa: mwali wa mshumaa unafifia, nyota angani zinapungua, ila ukungu hauonekani. Kwenye nyingine hupandisha mwanga wa mwali huku ikizima jirani zake, na ukungu unaongezeka. Angalia mwali na ukuta kwa pamoja, utajua yako ni ya kundi gani. Kama ni ya kundi la kwanza, kuteremka hadi Medium kunarudisha vitu vya gizani. Kama ni ya kundi la pili, Medium inapunguza ukungu. Kwa filamu za giza naiamini Medium kwa sababu hiyo, na Low tu pale kanda zinapokuwa chache kiasi kwamba kila sentensi ya manukuu inawasha robo ya mkanda.

Jihadhari na jambo moja unapolinganisha. Menyu ya runinga yenyewe ni maandishi meupe, nayo huwasha kanda zilizo nyuma yake. Ukihukumu weusi huku menyu imefunguka, unapima mwanga wa menyu. Badilisha ngazi, toka kwenye menyu kabisa, subiri sekunde chache, ndipo utazame. Tena usitegemee picha iliyosimamishwa peke yake, kwa sababu kuchelewa kwa kanda huonekana vitu vinapotembea. Picha za simu nazo zisikutishe; kamera ikiachwa ijichagulie mwanga gizani huonyesha ukungu mkubwa kuliko ule jicho linaouona.

Ukishachagua ngazi, shughulikia manukuu yenyewe kabla ya kuendelea kuhangaika na taa. Programu nyingi za kutazama filamu hukuruhusu kuyafanya ya kijivu badala ya meupe kabisa, na baadhi ya vifaa huweza kuyapandisha kutoka kwenye mkanda mweusi hadi ndani ya picha. Kijivu kinaipunguzia kanda kazi, na ndani ya picha ukungu unajificha kwenye rangi nyingine. Kwa picha za SDR, yaani zenye mwangaza wa kawaida, punguza pia Backlight, kwa sababu ukungu hupungua kwa kiwango kilekile ambacho taa zimepungua. Kwa HDR, yaani picha zenye mwangaza mpana zaidi, usikimbilie hivyo, maana utapunguza pia miale ambayo HDR iliwekwa kwa ajili yake. Huko taa hafifu ya rangi ya 6500K, ikiwa imefichwa nyuma ya runinga, inasaidia zaidi: jicho likizoea mwanga kidogo ukutani, halioni tena ukungu mwepesi kwenye kioo.

Dynamic Contrast ndiyo ya mwisho, na kwa filamu iache imezimwa. Kama unataka kuujua ubaya wake, rudi kwenye chumba cha mshumaa, iweke High, kisha subiri mlango ufunguliwe na mwanga uingie. Sura ya mtu ambaye hajasogea hubadilika mwanga kwa sababu tu kitu kingine kimeingia kwenye picha. Na hapa kuna kipimo cha kujua mwizi ni nani: ukizima Dynamic Contrast na kabati likarudi huku mikanda ikibaki nyeusi vilevile, kosa lilikuwa lake. Likirudi tu pale unapoteremsha Local Dimming, na mikanda ikapauka kidogo, basi ni kanda. Lisiporudi hata yote miwili ikiwa imezimwa, angalia tena ngazi za weusi, au ukubali kwamba limepigwa gizani hivyo.

Gemu zina sheria nyingine. Katika Game Mode runinga hupunguza uchakataji ili kitufe kijibu haraka, na kwenye baadhi ya runinga kanda hufuata nyuma ya picha: tochi inayokimbia gizani huacha mkia wa mwanga. Jaribu Low na Medium kwenye sehemu kama hiyo, chagua yenye mkia mfupi, na zima Dynamic Contrast. Baada ya hapo tu ndipo ufungue ukurasa wa kurekebisha HDR wa PS5 au Xbox, ule wa alama inayofifia. Ukibadilisha Local Dimming baadaye, rudia, kwa kuwa alama ile uliipima kwa taa za awali.

Mpira wa mchana ni mwepesi. Uwanja wa kijani huwasha karibu kila kanda, kwa hiyo High haidhuru chochote, na chumba kikiwa na jua Dynamic Contrast ya Low inakubalika. Iondoe kama nyasi zinabadilika rangi kamera inapotoka upande wa kivuli kwenda wa jua. Runinga ikitumika kama kioo cha kompyuta, zima Local Dimming kabisa, vinginevyo kishale cha mausi kitatembea na wingu lake.

Mwisho ni kuhifadhi. Runinga nyingi hutunza mipangilio kwa kila mlango wa HDMI na kwa kila aina ya mawimbi, hivyo SDR, HDR10 na Dolby Vision zina kumbukumbu zake. Icheze kwanza video ya aina husika, hakikisha alama ya HDR au Dolby Vision imetokea, ndipo urekebishe. Usibonyeze chaguo la kutumia mipangilio kwenye milango yote, kwa sababu litaipeleka High ya mpira kwenye filamu ya usiku. Yaandike pia mahali, kwani sasisho la programu ya runinga linaweza kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani, au kubadilisha namna Medium inavyofanya kazi bila jina lake kubadilika.